Bei ya Shada

Alikuja siku ya Alhamisi, saa moja jioni, mwezi wa saba, majira ambayo sisi wa Uyole tunafunga milango mapema kwa sababu ya baridi. Alisimama getini hadi mbwa alipobweka, ndipo mama akatoka na tochi. Nilimfahamu kwa sura: kijana wa mtaa wa pili, anayeendesha bajaji kwenda Mwanjelwa. Akasema, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, akamkaribisha. Akabaki amesimama. "Mama, mzee ametutoka. Tunazika kesho saa nane. Wamesema nikatafute mashada mawili."

Mama alimpa pole, akamshika mkono na hakuuachia upesi. Kijana akatazama barazani, zilipokuwa ndoo tatu zenye maua meupe 60, yale yenye umbo la faneli ambayo wauzaji wa mjini huyaita kala. Yalikuwa yamesimama kwenye maji, yakisubiri basi la alfajiri kwenda Iringa, kwenye harusi ya Jumamosi. "Hayo hapo je?" akauliza. Mama akamjibu kwamba hayo yana mwenyewe. Hapo ndipo kijana aliposema maneno ambayo nimekuwa nikiyafikiria tangu usiku ule: "Mama, wewe taja bei yoyote. Nitalipa."

Bei yoyote. Kwa muuzaji wa kitu kingine hiyo ingekuwa habari njema. Mama aliinamisha kichwa kama mtu aliyekabidhiwa mzigo asiouomba.

Nieleze kwanza bustani yenyewe. Ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hatua kama 40 kwa 25, kinachoteremka hadi kwenye kijito. Juu kuna mawaridi na krisanthemamu, katikati gladiola, na chini, kwenye tope ambalo halikauki hata kiangazi, kuna kala. Bibi yangu, upande wa milimani, alilima ua moja tu la kuuza, nalo ni pareto. Alilichuma, akalianika, akalipeleka kwa mnunuzi likiwa ndani ya gunia, na bei alikutana nayo kwenye mzani. Hakuwahi kulala akijiuliza kama amemdhulumu mtu, kwa maana kama kulikuwa na dhuluma, haikutoka kwake. Mama yeye hupanga bei mwenyewe. Uhuru huo ndio unaoleta swali.

Wanunuzi wetu ni wa aina tatu. Kuna harusi, kuna misiba, na kuna ofisi mbili za mjini zinazochukua vazi moja moja kila Jumatatu. Kwa Kiswahili tunasema shada la bibi harusi na shada la kaburini, neno lile lile, na mara nyingine maua ni yale yale kutoka tuta lile lile. Lakini bei si ile ile. Mwaka huo ua moja la kala kwa harusi tuliliuza shilingi 800, na kwa msiba shilingi 500. Nilipokuwa mdogo sikuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Nilipoanza shahada ya uzamili na kuelewa kwamba ada yangu inatoka kwenye tuta hilo, nikaanza kuuliza.

Usiku ule sikuuliza kwa upole. Kijana alipoondoka, nilimwambia mama kwamba kuna njia mbili na zote zinafaa. Ya kwanza, tutoe maua 12 kwenye yale 60, kwani hakuna atakayehesabu. Ya pili, tutaje bei inayolingana na shida yetu wenyewe: ni usiku, ni baridi, ni dharura, na mjini mtu angeombwa elfu hamsini au sitini kwa shada moja. Tena mwenyewe amesema bei yoyote.

La kwanza alilikataa bila hata kukaa chini. Maua 60 ya Iringa yalikuwa na hesabu yake: 15 ya bibi harusi, matano matano kwa wasimamizi sita, na 15 ya meza ya kanisani na ya keki. Kianzio kilikuwa kimelipwa wiki tatu kabla. Kisha kulikuwa na sababu ambayo mtu asiyelima maua haioni. Kala haikatwi, inang'olewa kwa kuvuta bua na kulisokota kidogo kutoka chini, na inang'olewa faneli likiwa limeshafunguka, kabla ule mchi wa njano ulio katikati haujaanza kutoa unga. Ukiing'oa ikiwa imefumba, haitafunguka vizuri ndani ya ndoo. Yaliyobaki bondeni yalikuwa yamefumba. Kwa hiyo tusingeweza kusema, "Tumpe huyu haya, kesho tutavuna mengine." Kumpa yeye kulikuwa ni kumnyang'anya mtu aliye mbali ya kilomita 300 na ushei, ambaye hakuwapo kujitetea. Nadhani hilo ndilo lililomgusa mama zaidi. Mfiwa alikuwa mbele yetu na machozi yake. Bibi harusi alikuwa jina tu kwenye daftari. Huruma humwendea kwa urahisi anayeonekana, na ahadi iko pale kumlinda asiyeonekana.

La pili halikuisha kirahisi. Mama alianza kukata matawi ya msanduku kwenye ua wa jirani kwa mwanga wa tochi, mimi nikimfuata na ndoo, tukabishana tukifanya kazi.

Shada la kaburini tunalitengeneza hivi. Tunakunja fito mbichi kuwa duara, tunazifunga kwa waya mwembamba, kisha tunalizungushia duara lile vipande vya shina la mgomba vilivyochanwa, unene wa vidole viwili. Mgomba umejaa maji. Ukichomeka bua lililokatwa mshazari, linashika na linakunywa kidogo kidogo. Yapo matofali ya sifongo ya kijani yanayouzwa kwa kazi hiyo, ila ni ghali na hayaozi, na mama hataki kuacha plastiki kwenye kaburi la mtu. Juu ya mgomba tunapanga msanduku na majani ya jimbi mpaka mgomba usionekane, ndipo maua yanaingia, 24 kwa shada la kawaida. Usiku ule kala haikuwapo, kwa hiyo tulitumia mawaridi meupe na krisanthemamu. Krisanthemamu huhesabu urefu wa usiku; usiku unapokuwa mrefu huacha kurefuka na kuanza kutoa matumba. Huku kwetu usiku haupungui sana mwaka mzima, na bila taa za kuyadanganya, yetu huchanua yangali mafupi. Kwenye vazi la ofisi hayafai. Kwenye shada hayana mfano.

Gharama zake mama anazijua kwa moyo. Maua 24 kwa shilingi 500 ni 12,000. Majani 4,000. Duara, waya na mgomba 4,000. Kazi 10,000. Jumla 30,000. Kwa mashada mawili 60,000. Akaongeza 5,000, akasema ni ya usiku.

"Kumbe unakubali kuongeza," nikamwambia. "Sasa kwa nini tano na siyo arobaini?"

Akajibu akiwa ameinama, waya mdomoni, hivyo ikabidi arudie mara mbili: "Usiku ni wangu, nitautoza. Kifo si changu."

Niliendelea kubisha, lakini maneno hayo yaliniingia. Miezi michache baadaye, nikisoma kwa ajili ya semina, nikakutana na hoja hiyo hiyo kwa Thoma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13. Kwenye Summa Theologiae anauliza kama ni halali kuuza kitu kwa bei iliyozidi thamani yake. Anasema kwamba muuzaji akipata hasara kwa kukitoa kitu chake, anaweza kuitoza hasara hiyo. Lakini kama mnunuzi ndiye anayekihitaji mno, na muuzaji hapotezi lolote la ziada, basi muuzaji asipandishe bei; kwa sababu uzito wa hitaji lile umetoka katika hali ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Mnunuzi akipenda kuongeza kwa hiari yake, ni uungwana wake. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Mama hajawahi kumsoma Thoma. Amewahi tu kuuza maua.

Hata hivyo hoja nzuri haiwi kweli kwa sababu tu wawili wamefika mahali pamoja. Pingamizi langu lilikuwa hili: kila bei sokoni inatokana na hitaji la mnunuzi. Nyanya hupanda zikiadimika, na nauli ya Desemba haifanani na ya Februari. Kama hitaji si langu kuliuza, basi nisiuze chochote.

Jibu nililolipata halikutoka kitabuni. Lilitoka katika kufikiria kile ambacho kijana yule hakukifanya. Hakupatana. Sokoni Mwanjelwa muuzaji akikutajia bei, anafungua mazungumzo. Wewe unacheka, unashika nyanya, unaigeuza, unaiweka chini, unaanza kuondoka, unaitwa. Bei ya haki, kama ipo, inapatikana katikati ya kuondoka na kuitwa. Wawili wanashikilia kamba. Mfiwa haondoki. Hana siku ya kuzunguka, na hata angekuwa nayo, ataonekanaje akibishania shilingi elfu mbili za kaburi la baba yake? Kwetu kupatana bei ya msiba ni aibu. Kwa hiyo ameiachia kamba, na muuzaji amebaki ameshika ncha zote mbili. Kusema "taja bei yoyote" maana yake ni "sasa jizuie mwenyewe, mimi siwezi."

Hapo ndipo nilipoelewa zile shilingi 800 za harusi. Harusi ina kamati, ina mwenyekiti na mweka hazina, ina vikao vya kila Jumapili. Kamati huja ikiwa imeshauliza kwa wauzaji watatu, inaomba ipunguziwe, inatishia kwenda kwingine, na mara nyingi inakwenda. Zaidi ya hapo, harusi inataka kazi nyingine kabisa: gladiola lazima lipandwe takriban miezi mitatu kabla, na siku za kungoja zaidi likiwa la majira ya baridi, ili lifikie tumba la chini kuonyesha rangi wiki ile ile, tena maua yote yawe na kimo kimoja. Hatari hiyo ni yetu, na tunaitoza. Mtu anayeweza kukataa anaweza kutajiwa bei ya juu bila kudhulumiwa. Tofauti ya 500 na 800 haikuwa huruma tu, kama nilivyodhani. Ilikuwa pia hesabu ya nani ameshika kamba.

Ofisi zilinifundisha upande wa pili wa jambo hilo. Zinalipa kidogo, 15,000 kwa vazi, lakini zinalipa kila wiki, hata Kwaresima, wakati harusi za Wakristo zinasimama na kanisa linaacha kupamba altare kwa maua. Bila ofisi, mwezi ule bustani ingekula na isilipe. Siku moja mpokeaji wa mojawapo ya ofisi, si mojawapo ya hizi mbili tulizonazo sasa, aliniomba niandike risiti ya 25,000, nipokee 15,000 yangu na tatu juu, iliyobaki aijue yeye. Alisema wote tutanufaika, naye hakukosea: sisi wawili tungenufaika. Makubaliano yalikuwapo, tena ya furaha. Aliyekosekana ni yule anayelipa. Nilikataa, na mwezi uliofuata hawakutuita tena.

Nikiyaweka mawili haya pamoja, ya kijana na ya risiti, naona kitu ambacho darasani tunakipita haraka. Tumezoea kusema kwamba bei ni halali wawili wakikubaliana. Kijana alikubali bei yoyote, lakini kukubali kwake hakukuwa na uwezo wa kukataa ndani yake. Mpokeaji alikubali kwa hiari kamili, lakini hakuwa mwenye fedha. Kukubaliana ni mlango tu. Bado unahitaji kuuliza ni nani hakuweza kusema hapana, na ni nani hakuulizwa.

Ningeishia hapo kama si daftari.

Baada ya usiku ule mama aliamua kwamba hatutaingia tena kwenye msiba mikono mitupu. Kila wiki, hata maagizo yawe mengi namna gani, tungeacha maua 20 meupe bustanini bila kuyauza, kwa ajili ya atakayekuja. Mimi nikaandika yaliyotokea. Ua haliwezi kusubiri kama unga. Kala ikishamwaga ule unga wake wa njano, siku zake zimehesabiwa, na waridi likifunguka lote halifai kuchomekwa popote. Kwa wiki 12 tuliacha maua 240. Yaliyokwenda kwenye misiba yalikuwa 150. Tisini yalinyaukia kwenye tuta, tukayatupa kwenye mbolea.

Hesabu yake ni fupi. Maua 90 kwa shilingi 500 ni shilingi 45,000 zilizopotea. Zilipotea kwa kusudi: ndiyo gharama ya kuwa tayari. Ukizigawa kwa yale 150 yaliyofika makaburini, kila ua linabeba shilingi 300. Ongeza zile 500, unapata 800.

Nilikaa nikiitazama namba hiyo. Bei ya harusi. Nilikuwa nimeanza kwa kumshutumu mama kwamba anawauzia wafiwa kwa bei ya chini kupita kiasi, nikasadikishwa kwamba ndiyo bei ya haki, na sasa daftari lilisema kwamba bei ya haki, kwa kipimo chake mwenyewe, ni ya juu zaidi. Hasara ya maua yaliyonyauka ni yetu kama usiku ulivyokuwa wetu. Thoma angeturuhusu kuitoza. Shada la 30,000 lingekuwa 37,200.

Nilimpelekea mama daftari akiwa anamenya viazi. Alifuata mistari kwa kidole, akauliza maswali mawili, na hesabu akaikubali. Kisha akasema, "Kwa mtu nisiyemjua, sawa, elfu thelathini na saba. Kwa huyu wa mtaani, hiyo mia tatu ndiyo rambirambi yangu."

Nikamwambia kwamba rambirambi anaipeleka siku hizo hizo, nimemwona. Ni kweli: kila msiba tuliouza shada, mama huvaa kitenge, huenda kukaa na kina mama chini ya turubai, humenya, huosha vyombo, huweka noti yake kwenye daftari la rambirambi kama jirani mwingine yeyote. Hutenganisha kabisa. Asubuhi ameleta shada na kupokea malipo. Mchana ni jirani. Aliwahi kuambiwa maneno kwa ajili hiyo. Mwanamke mmoja alimuuliza mbele za watu, "Hivi kweli unamuuzia jirani maua ya msiba?" Mama alijibu kwamba hata seremala aliyetengeneza jeneza alilipwa, naye yuko pale anakula ugali na wenzake. Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka msibani. Lakini nilimwona mikono ikitetemeka.

Kwa hiyo nilimuuliza: kama rambirambi anatoa tayari, kwa nini atoe na ile mia tatu? Hakunijibu siku ile. Nimejijibu mwenyewe, nami sina hakika. Babu alipofariki, mtaa huu ulituletea kuni, maji na sufuria. Watu walilala sebuleni kwetu siku nne. Hakuna aliyetuletea ankara, na hakuna aliyekuwa anatoa bure kabisa, kwani wote walijua siku yao itafika. Kwa jirani, gharama ya kuwa tayari imeshalipwa, ila imelipwa kwa kuni. Yeye naye aliacha kitu bila kukiuza, kwa ajili yetu. Mgeni hajaacha, wala hatudai. Kwake tunauza, na kuuza kwa haki hakuna aibu. Mashaka yangu ni kwamba mtaa una mipaka, na mtu maskini anayetoka mbali atalipa 37,000 wakati mwenye duka la jirani analipa 30,000. Bado halijakaa sawa kichwani mwangu. Mama amepata njia yake: mgeni anayeonekana hana, anapewa shada la maua 18 kwa 25,000, majani yakiwa mengi zaidi, na anaambiwa wazi kwamba maua ni machache. Hasemi ni punguzo. Anasema ni shada dogo.

Lililobadilika ni kwamba sasa tunajua tunachokitoa. Zamani mama alitoa bila kujua, akashangaa mwisho wa muhula kwa nini ada haijatimia. Zawadi usiyoijua kiasi chake huishia kuwa hasara, na hasara humfanya mtu achukie hata wale aliowapenda.

Kuna jambo moja sijalisema kuhusu mashada yale mawili ya kwanza.

Mawaridi niliyakata mimi. Waridi la kukata huvunwa yale majani madogo ya kijani yaliyolifunika tumba yakiwa yamepinda kurudi nyuma, na petali za nje zikianza kulegea. Likikatwa kabla ya hapo, shingo yake haijakomaa. Kwa tochi, saa mbili usiku, vidole vikiwa vimekufa ganzi, sikuangalia. Nilikata lililokuwa jeupe. Halafu yalitakiwa yakatwe tena ncha ndani ya maji, mshazari, hewa isiingie kwenye bua, kisha yasimame gizani kwenye maji hadi asubuhi ndipo yachomekwe. Mimi nilitaka kulala. Nilikata ncha nje ya maji, nikayasimamisha saa tatu tu, na usiku wa manane nikaanza kuchomeka.

Alfajiri maua ya Iringa yalipanda basi. Saa mbili asubuhi kijana alikuja kuchukua mashada, yakiwa mazuri, akalipa 65,000 bila kuhesabu mara mbili. Saa nane tulikuwa makaburini. Jua la mchana wa Julai huku kwetu ni kali ingawa kivuli ni baridi. Mchungaji alipokuwa anasoma, niliona waridi la kwanza likiinama. Halikunyauka, petali zilikuwa bado nzima. Shingo tu ndiyo ilikuwa imepinda, ua likitazama chini, kwa sababu hewa iliziba njia ya maji. Watoto wa marehemu walipoitwa kuweka mashada, nilihesabu mawaridi saba yaliyoinama kwenye la kwanza na manne kwenye la pili. Hakuna aliyesema kitu. Pengine walidhani maua ya msiba ndivyo yanavyokuwa.

Hapo niliona kwamba mfiwa haachi kupatana tu. Halalamiki pia. Bi harusi ambaye shada lake limeinama atapiga simu siku hiyo hiyo, na kamati itashikilia salio. Kaburi halirudishi bidhaa. Ubora wa shada la msiba nao umeachwa mikononi mwa muuzaji, sawasawa na bei, na mimi niliyebishana usiku kucha kuhusu bei ya haki nilikuwa nimemdhulumu mtu kwa mkasi.

Mama alikuwa ameona. Jumatatu alinipa noti ya elfu tano, ile ya usiku, akaniambia nimrudishie. Nilimkuta kijana ameketi nje na wajomba zake, kichwa kimenyolewa. Nilijaribu kueleza: mawaridi, shingo, maji. Alinitazama kwa upole wa mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Mbona yalikuwa mazuri, dada," akasema.

Alikataa kuipokea. Nilirudi nyumbani nayo, nikamwambia mama amekataa. Aliiweka kwenye kopo la ofisi na harusi, kisha akaitoa, akaikunja, akaiweka peke yake kwenye daftari, katika ukurasa wa siku ile. Bado ipo pale. Kila nikifungua kuandika maua ya wiki, lazima niisogeze.